Bwana Shamba Anayeuliza Hakwepi Kujibu

Siku hizi karibu kila anayefanya kazi ya ugani anapokea picha. Simu inalia, inaingia picha ya kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, na chini yake maneno machache: "Hapa naweza kupanda nini?" Mtaalamu akirudisha maswali kuhusu udongo, jua, mvua na nafasi, aliyetuma picha mara nyingi huvunjika moyo. Huona anazungushwa. Rai iliyoenea ni kwamba mtu aliyesomea kilimo, tena mwenye miaka mingi shambani, anatakiwa atazame tu na kujua; akianza kuuliza, ama hajui, ama anatafuta njia ya kulipwa ada ya kuja kutazama.

Nimefanya kazi hii muda mrefu na ninaipenda, na ndiyo maana siwezi kuiacha rai hiyo ipite. Hata hivyo, wanaoishikilia si watu wa kupuuzwa. Wana hoja tatu, na kila moja ina ukweli ndani yake.

Hoja ya kwanza ni kwamba wazee wetu walisoma ardhi kwa macho. Mzee alisimama ukingoni mwa shamba, akasema hapa mtama, kule bondeni mpunga, na mavuno yalimthibitisha. Ni kweli. Lakini mzee huyo hakuwa anatazama picha. Alikuwa ameishi mahali hapo. Alijua maji hutuama wapi wakati wa masika na hukauka lini, alikanyaga udongo ule peku, aliuchimba kwa jembe na kuuvunja kwa vidole, na alijua mti gani hufunika upande gani mwezi gani. Kabla hujamuuliza alikuwa tayari ana majibu ya maswali yote manne. Mhamishe mzee yuleyule kutoka Rufiji umpeleke Dodoma, naye atauliza mvua za huku zinaanza lini.

Hoja ya pili ni kwamba picha inaonyesha mengi. Na hili nalikubali bila shida. Nikiona ardhi nyeusi iliyopasuka nyufa pana za kuingia mkono, najua ni mbuga: itavimba na kunata mvua zikija, na anayetaka karoti pale atapata taabu. Nikiona mahindi yaliyodumaa na chini yake maua ya kiduha ya rangi ya zambarau, najua udongo umechoka na umepandwa nafaka mfululizo. Nikitumiwa picha ya jani lenye ugonjwa, iliyopigwa karibu na kwa mwanga mzuri, mara nyingi naweza kusema jambo la maana papo hapo. Lakini jani linabeba ugonjwa wake juu yake. Kipande kitupu cha ardhi hakibebi juu yake mambo yanayoamua kitaota nini. Yako chini ya ardhi, yako angani upande ambao simu haikuelekezwa, na yako katika miezi ambayo haijafika.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi. Wanasema: kwa nini usijibu tu "panda mchicha, bamia na matembele"? Kwa mtu wa pwani jibu hilo litafaa mara nyingi, nakubali. Lakini yeye hakuuliza kipi hakitakufa. Karibu kila mara ana kitu moyoni, na hicho ndicho atakachonunulia mbegu hata nikimwambia mchicha. Kuonyesha jinsi picha inavyoweza kumpoteza mtu wa namna hiyo, nitaeleza kisa kimoja kwa urefu.

Mama mmoja wa Kigamboni alinitumia picha katikati ya Januari. "Shikamoo mzee. Hapa nyuma ya nyumba naweza kupanda nini? Nilifikiria nyanya huko ukutani, na miembe miwili." Picha ilikuwa nzuri: saa sita mchana, jua kali, udongo mweusi, ukuta wa matofali uliopakwa chokaa, na nyuma ya ukuta mwembe wa jirani. Mtu yeyote angesema eneo lina jua la kutosha na udongo wenye rutuba, na kwamba ukuta ule ungefaa kuegemezea miti ya nyanya. Yote matatu yalikuwa makosa.

Nianze na udongo, kwa kuwa hapo ndipo macho hudanganyika upesi zaidi. Watu wengi huamini udongo mweusi ni mzuri na mwekundu ni dhaifu. Udongo wa miteremko ya Kilimanjaro na wa nyanda za juu za Kenya ya kati, uliolea kahawa kwa vizazi, ni mwekundu. Ni wenye kina, unapitisha maji ya ziada na bado unabaki na unyevu. Mbuga nayo ni nyeusi, na mboga nyingi huoza mizizi humo wakati wa masika. Isitoshe, udongo wowote ukilowa huonekana mweusi kuliko ukiwa mkavu, na yule mama alikuwa amemwagilia asubuhi ile ili picha ipendeze. Nilimwomba achimbe shimo la sentimita 30, yaani kina cha rula ya shule. Weusi ulikuwa wa vidole vinne tu, mchanganyiko wa majivu na taka zilizochomwa hapo miaka ya nyuma. Chini yake ulikuwa mchanga wa rangi ya kahawia hafifu.

Kisha nilimpa majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza: achukue konzi ya udongo wa chini ya shimo, aulowanishe, aufinye, kisha ajaribu kuuviringisha uwe kamba. Udongo wa mfinyanzi hutoa kamba ndefu inayopinda bila kukatika. Udongo tifutifu hutoa kamba fupi inayokatika. Mchanga haukubali kabisa. Wake haukukubali. La pili: ajaze shimo maji, ayaache yaishe, ajaze tena na kutazama muda. Ardhi nzuri ya bustani hushusha maji sentimita tatu hadi tano kwa saa, na ikishusha chini ya sentimita moja, ujue mizizi itakosa hewa. Shimo lake lilikauka ndani ya dakika 10. Mbolea ya chumvichumvi akiiweka pale kwa wingi mara moja, sehemu kubwa itateremka na maji kabla mizizi haijaifikia.

Swali la pili ni jua, na hapa nakutana na pingamizi kila siku: "Mzee, sisi tuko karibu na ikweta, jua lipo mwaka mzima, unauliza la nini?" Lipo, lakini halikai mahali pamoja. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Desemba na Januari jua la mchana hupita upande wa kusini wa vichwa vyetu. Juni hupita kaskazini, tena mbali zaidi, kiasi cha nyuzi 30 kutoka utosini. Maana yake ni kwamba kivuli cha ukuta mmoja huhama upande kufuatana na msimu.

Nilimuuliza ukuta ule uko upande gani na una kimo gani. Uko kaskazini, akanijibu, na kimo chake ni mita mbili na nusu. Basi Januari alipopiga picha, kivuli cha ukuta kilikuwa kinaanguka nje, kwa jirani, na ardhi ya ndani ilikuwa inang'aa jua tupu. Lakini Juni, mchana wa saa sita, ukuta huohuo unatupa kivuli cha karibu mita moja na nusu ndani ya bustani, na saa tatu asubuhi au saa tisa alasiri kinafika karibu mita mbili. Ardhi iliyo ukutani haipati jua la moja kwa moja siku nzima kwa wiki nyingi. Mwembe wa jirani wenye kimo cha mita nane unafika zaidi ya mita nne na nusu ndani. Hakuna kamera iliyopiga picha Januari inayoweza kuonyesha kivuli cha Juni.

Na kivuli cha Juni ndicho kinachohusika na nyanya. Ua la nyanya linashindwa kushika tunda usiku ukiwa wa joto. Joto la usiku likizidi nyuzi 24 hivi, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Dar es Salaam usiku wa Januari hadi Machi uko kwenye kiwango hicho au juu yake. Kwa hiyo mkulima wa nyumbani wa pwani hupata nyanya kwa urahisi zaidi wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ambapo usiku hushuka na mvua hupungua, jambo linalopunguza pia ukungu wa majani. Yule mama alikuwa amepanga kupanda mara moja. Miche yake ingechanua Machi, maua yangeanguka, naye angelaumu duka la mbegu. Nimesikia lawama hiyo mara nyingi, na ingawa mbegu feki zipo, mara nyingi kalenda ndiyo yenye kosa. Na kama angesubiri hadi Juni na kupanda palepale ukutani, nyanya zingekuwa kivulini: mashina marefu membamba, majani mengi, matunda ya kuhesabika. Nyanya, bamia, pilipili na biringanya zinahitaji jua la moja kwa moja saa sita kwa siku au zaidi. Mboga za majani huvumilia saa nne.

Swali la tatu ni mvua, nalo ndilo linaloonekana la ovyo kuliko yote kwa mtu wa mjini. "Nitamwagilia," husema. Sawa, lakini kwa maji yapi na kiasi gani? Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba. Bustani ya mboga katika kiangazi cha pwani hunywa takriban milimita tano kwa siku, yaani lita tano kwa kila mita ya mraba. Dar es Salaam hupata mvua ya milimita elfu moja na zaidi kidogo kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dodoma, lakini mvua hiyo huja kwa misimu miwili, masika na vuli. Kuanzia Juni hadi Septemba inanyesha kidogo sana. Huo ndio msimu wa nyanya zake. Dodoma yenyewe ina msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na picha ya kijani kibichi iliyopigwa kule Februari haisemi lolote kuhusu Agosti.

Maji ya bomba kwa yule mama hufika mara mbili kwa wiki, naye ana tangi la lita 1,000. Tulipotoa matumizi ya nyumba, akaona anaweza kutenga lita 100 kwa siku bila kuwanyima watoto maji ya kuoga. Gawanya kwa tano: mita za mraba 20.

Swali la nne, nafasi, linaonekana kuwa ndilo pekee ambalo picha ingeweza kulijibu. Alipima kwa hatua, kisha kwa futi ya fundi: mita tisa kwa sita, jumla mita za mraba 54. Lakini ndani yake kuna karo la maji taka linalochukua mita mbili kwa tatu, na juu yake haifai kupanda mboga ya kuliwa mbichi, ya mizizi, wala mti wenye mizizi ya kutafuta maji. Kwenye picha karo lilikuwa limefunikwa mchanga na halikuonekana kabisa. Zinabaki 48. Njia ya kupita na kamba ya kuanikia nguo zina haki yao pia.

Na sasa nafika kwenye kiini cha ninachotetea. Watu hudhani haya ni maswali manne, kama fomu ya kujaza, na kwamba mtaalamu mzuri angeweza kuruka mawili. Kwa kweli kila jibu hubadilisha maana ya jibu jingine. Bustani yake si mita 48. Kiangazi ni mita 20, kwa sababu maji yanasema hivyo. Tena mita hizo 20 zenyewe zinategemea udongo. Katika sentimita 30 za juu, ambamo mizizi mingi ya mboga hukaa, mchanga hushika takriban milimita 20 za maji yanayofaa mmea, na mmea huanza kuteseka nusu yake ikiisha. Nusu hiyo ni milimita 10, yaani siku mbili. Udongo tifutifu ungeshika zaidi ya mara mbili ya hapo na kumpa nafasi ya siku tano. Sasa kumbuka kuwa bomba lake hukaa siku tatu au nne bila maji. Akishindwa kulinda akiba ya tangi, nyanya zitapata maji kwa vipindi vya kiu na mafuriko, na dalili yake itaonekana wazi: doa jeusi lililodidimia kwenye kitako cha tunda. Wengi huliita ugonjwa na kununua dawa. Kitako kinaoza kwa sababu kalsiamu haikufika kwenye tunda, na haikufika kwa sababu maji yaliyotakiwa kuibeba yalikatika.

Kwa hiyo jibu nililompa halikufanana na lile ambalo picha ingenifanya nitoe. Ukutani, ambako alitaka nyanya, nilimshauri apande bamia mwanzoni mwa vuli, wakati jua linafika ukutani na joto ni rafiki wa bamia, kisha masika yakianza atie matembele, ambayo yataendelea kutoa majani hata kivuli kikirudi. Nyanya ziwe katikati, kwenye tuta moja la mita za mraba nne, mbali na kivuli cha mwembe. Asie mbegu kitaluni mwanzoni mwa Mei na kuhamisha miche baada ya wiki nne, kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, hivyo itaingia miche 14 hivi. Kabla ya hapo aweke debe moja la samadi iliyooza kabisa kwa kila mita ya mraba na kuichanganya na mchanga, kwa sababu samadi huongeza rutuba na pia huongeza siku ambazo udongo unaweza kukaa na maji. Juu yake aweke matandazo ya majani makavu, unene wa vidole vitatu, yasiguse mashina. Amwagilie asubuhi na jioni, nusu kwa nusu, badala ya kumwaga yote mara moja yakapotelea chini. Mita zinazobaki katika zile 20 ziwe mchicha, unaong'olewa wiki nne baada ya kusiwa, ili siku maji yakipungua aweze kuacha tuta moja bila kupoteza zao la miezi mitatu.

Miembe miwili nilimkatalia. Mwembe uliokomaa unataka nafasi ya mita 10 kutoka mwenzake, na bustani yake yote ina upana wa mita sita. Mipapai ingefaa, kwani inapenda ardhi isiyotuama maji na inavumilia mchanga ukilishwa. Lakini mipapai ya mbegu za kienyeji ina dume na jike, na huwezi kuitofautisha hadi ichanue. Apande miche mitatu kwenye shimo moja, asubiri maua, abakize jike lenye afya. Mashimo mawili yanamtosha, upande wa mashariki, mbali na karo.

Anayesema maswali ni kukwepa atazame upya jibu hilo na aniambie ni sehemu gani ingeweza kutolewa kwa kutazama picha pekee. Naona moja tu: kwamba kulikuwa na ukuta. Nami siwataki watu waache kutuma picha. Watume, ila waelekeze simu pande zote nne na sio chini tu, waseme jua linachomozea wapi, waweke picha ya shimo la sentimita 30 lenye rula ndani yake, na waandike ndoo ngapi za maji wanaweza kutenga kila siku. Hayo yakija pamoja, maswali yangu hupungua na mara nyingine huisha.

Kwake yeye swali moja halikuisha. Wiki iliyofuata aliniandikia kwamba jirani anachimba kisima na yuko tayari kumuuzia maji, hivyo angeweza kuongeza matuta hadi mita 40. Huenda. Lakini visima vingi vya ukanda ule vina chumvi, na maharage hudhurika nayo mapema, nyanya huvumilia kiasi, minazi humudu zaidi. Nilimwomba asipanue kwanza. Amwagilie tuta moja la mchicha kwa maji ya kisima na jingine kwa maji ya bomba, wiki tatu, kiasi kilekile, kisha atazame kingo za majani kama zinaungua na juu ya udongo kama panabaki ukoko mweupe. Picha za matuta hayo mawili, zikiwa sambamba, nitazipokea kwa furaha.